Mjukuu anameza vipi? Jibu kwa mwandishi wa hadithi ya chai ya tangawizi

*Mwalimu, shikamoo. Nimeandika hadithi fupi ya bibi wa kule Mamba, wilaya ya Same, anayempikia mjukuu wake wa miaka saba chai ya tangawizi na limau kwa sababu koo linamuuma. Mtoto anakunywa, analala, anaamka mzima. Wanaosoma wananiambia ni tamu, halafu hawana la kuongeza. Mama mmoja tu ndiye aliyesema chai ya namna hiyo isingenyweka, maana nimetia maziwa na limau pamoja. Nifanye nini iwe hadithi kweli?*

Marahaba. Mama huyo amekufaa kuliko wote waliokusifia, kwa hiyo nianzie jikoni alikoanzia yeye. Maziwa ya moto yakikutana na limau hukatika papo hapo, yakawa mabonge mabonge na maji yake yakajitenga. Hata tangawizi peke yake hukata maziwa ikitiwa mbichi, ndiyo maana mpishi wa chai ya maziwa huichemsha kwanza na maji matupu, ikishaiva ndipo anapomimina maziwa. Bibi aliyezeekea Mamba, milima ya Upare, mahali ambapo tangawizi ni zao la biashara na watu husomesha watoto kwa hilo zao, hawezi kukosea hapo. Msomaji anayejua jiko akiliona kosa hilo katika aya ya pili, hamwamini tena bibi yako. Na hadithi hii yote imesimama juu ya kumwamini bibi.

Kwa hiyo chai iwe ya rangi. Ukikubali hilo, utapata zawadi ambayo maziwa yalikuwa yanaificha. Chai ya rangi iliyokolea ni nyeusi inayokaribia wekundu. Ukikamulia limau, inapauka mbele ya macho yako na kuwa ya rangi ya asali. Ni ile tindikali ya limau inayogusa rangi ya majani ya chai, lakini mtoto hahitaji kulijua hilo. Mtoto anachojua ni kwamba kila asubuhi kuna dakika moja ambapo kitu kinageuka kwenye kikombe, naye anapenda kuwa ndiye anayekigeuza. Shika hapo. Nitarudi kukuonyesha kazi yake.

Utaratibu wenyewe uuandike kwa mpangilio sahihi, kwa sababu kila hatua inaweza kubeba kitu. Tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima kinatosha vikombe viwili vya maji. Inaparuliwa ganda kwa ukingo wa kijiko, inapondwa kwenye kinu, inachemka hadi maji yapungue kidogo na harufu ikufikie mlangoni. Majani ya chai huja baadaye, kidogo tu kwa sababu ni ya mtoto. Limau huja mwisho, sufuria ikiwa imeshaepuliwa: likichemshwa pamoja na maganda na mbegu zake linaleta uchungu, na vitamini yake inapungua kwa moto. Asali hutiwa wakati kikombe kinashikika bila kitambaa. Mkulima wa tangawizi pia haichukui yoyote iliyo karibu. Tangawizi changa ina maji mengi na ukali mdogo. Iliyokomaa ina nyuzi, na ukali wake unakaa kooni. Bibi ataivunja na kuitazama. Tendo hilo moja linamtambulisha vizuri kuliko sentensi yako inayosema kwamba alikuwa mwanamke mwenye hekima nyingi.

Hayo ni ya jiko, na yanarekebishika kwa saa moja. Shida kubwa iko kwenye kupona.

Mtoto anakunywa, analala, anaamka mzima. Koo halifanyi hivyo. Makoo mengi yanayouma huletwa na virusi, vile vile vinavyoleta mafua, na hupoa yenyewe ndani ya siku chache hadi wiki, ukinywa chai au usiponywa. Chai haifupishi siku hizo. Inachofanya ni kidogo, lakini ni cha kweli: kinywaji cha uvuguvugu hulainisha sehemu iliyokauka, asali hutandaza kitu chepesi juu ya pale panapochubuka, na mtoto aliyekataa maji tangu jana anapata cha kunywa. Tangawizi ikizidi, au limau likizidi, koo bichi linachomwa na mtoto anasukuma kikombe. Wazazi wanaosoma hadithi yako wanalijua hili kwa kukesha. Ndiyo maana wanasema ni tamu na hawana la kuongeza: umewapa kitu wasichowahi kukiona nyumbani kwao.

Kuna madhara mengine ya huo mwisho, na haya ni ya hadithi yenyewe. Kama chai inaponya, bibi hana la kuamua. Anachemsha maji, basi. Mtu yeyote mwenye mapishi mkononi angeweza kukaa mahali pake.

Sasa fikiria chai ile ile ikiwa ni kipimo. Mtoto wa miaka saba hawezi kukueleza koo lake linaumaje, na akihofia sindano atakuambia haliumi kabisa. Lakini hawezi kudanganya wakati anameza. Mpe kitu cha uvuguvugu, kitamu, anachokipenda, halafu tazama shingo. Mtoto ambaye koo linawasha tu atakunywa, atakohoa, ataendelea. Mtoto ambaye mafindofindo yamevimba atashikilia chai mdomoni, atanyoosha shingo mbele, atafumba macho, ndipo atameza. Bibi anayejua hilo anapika chai kwa nia mbili kwa wakati mmoja, na ile ya pili hamwambii mtoto. Hapo umepata hadithi. Watu wawili wamekaa jikoni, kila mmoja ana siri yake, na katikati yao kuna kikombe.

Atatafuta nini akishaona mtoto anameza kwa shida? Vitu vinne, na vyote bibi yeyote anaweza kuviona bila chombo. Kama mtoto ana homa. Kama kuna vidonda vyeupe au utando mweupe juu ya mafindofindo. Kama tezi za chini ya taya zimevimba na zinauma zikiguswa. Na kama hakohoi wala hana mafua, kwa sababu kikohozi na kamasi huelekeza kwenye virusi, na kukosekana kwake pamoja na hayo matatu huelekeza kwenye bakteria aitwaye streptokoka. Huyu huwapata zaidi watoto wa umri wa miaka 5 hadi 15, na huyo mjukuu wako yumo humo. Dawa yake ipo, ni jamii ya penisilini, na ya kumeza hutumiwa kwa siku 10 hata kama koo limeacha kuuma siku ya tatu. Akiachwa bila kutibiwa, baadhi ya watoto, wiki mbili tatu baadaye, hupata homa inayovimbisha viungo na inayoweza kuharibu vali za moyo kwa maisha yao yote. Bado tuna vijana wengi Afrika Mashariki wenye mioyo iliyoharibika kwa njia hiyo, na kwa wengi wao ilianzia kwenye koo ambalo nyumbani lilionekana dogo.

Usiandike hata neno moja la aya hiyo ndani ya hadithi. Nimekueleza wewe ili ujue bibi anaogopa nini. Yeye mwenyewe hana haja ya kujua jina la bakteria. Anajua tu kwamba kuna koo la kukaa nalo nyumbani na kuna koo la kutembea nalo.

Jambo moja zaidi kabla sijakuonyesha nilivyoliandika. Hadithi yako haina jirani, na kijiji bila jirani hakipo. Katika sehemu nyingi za Tanzania mtoto akiumwa koo au akikohoa muda mrefu, hakosi mtu wa kusema ana kimeo, apelekwe kwa mzee fulani akakatwe. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi kinakatwa kwa wembe au kwa kisu, na watoto wamevuja damu, wamepata maambukizi, wengine wamekufa, kwa kitu ambacho hakikuwa chanzo cha ugonjwa. Jirani anayesema hivyo ana nia njema, na usimfanye mwovu. Lakini maneno yake yakifika masikioni mwa mtoto, sasa mtoto ana hofu mbili badala ya moja, na bibi ana mtu wa kumjibu.

Nimeiandika upya sehemu ya katikati kwa namna ninayoiona. Jina la mtoto ni la kwangu, libadilishe ukitaka.

*Mbonea hakuwa amesema kitu tangu alfajiri, na Bibi alikwisha kuliona hilo kabla hajawasha moto.*

*"Mume wangu leo ameninunia," alisema huku akipuliza kuni. "Nimemkosea nini?"*

*Mbonea alitikisa kichwa. Alijikunyata kwenye kigoda, kanga ya Bibi imemfunika hadi masikioni, mdomo uko wazi kidogo.*

*Bibi aliingiza mkono kwenye kikapu nyuma ya mlango. Tangawizi ya kwanza aliivunja, akaona ndani ni laini na ina maji, akairudisha. Ya pili ilikataa kuvunjika, na ilipovunjika iliacha nyuzi. Hiyo akaiparua, akaitia kinuni.*

*"Koo?"*

*"Hapana." Sauti ilitoka nzito, kama haitaki kupita.*

*"Haya." Akaponda. Harufu ilipanda, na kwa kawaida hapo ndipo Mbonea angepiga chafya ya makusudi ili Bibi acheke. Hakupiga.*

*Mama Elia alisimama mlangoni kuomba kibiriti. Alimtazama mtoto, akamtazama Bibi.*

*"Huyu ana kimeo, mama. Wa kwangu alikuwa hivi hivi. Mpeleke kwa yule mzee wa kule bondeni akikate, jioni anakula ugali."*

*Mkono wa Mbonea ulitoka ndani ya kanga ukashika shingo.*

*"Kibiriti kiko dirishani," alisema Bibi. "Ukimaliza kukitumia kaa nacho, nina kingine."*

*Mama Elia alipoondoka, Bibi alitia majani ya chai, akahesabu kimya kimya, akaepua. Akachuja kwenye kikombe cha bati. Kisha akakata limau, akamnyooshea mjukuu wake nusu.*

*Hii ilikuwa kazi ya Mbonea. Kila siku yenye limau, yeye ndiye aliyekamua, na kila mara alisema "Pauka!" na chai ikapauka. Sasa aliitazama ile nusu ya limau, akatazama pembeni.*

*Bibi alikamua mwenyewe. Matone machache tu. Chai ikapauka bila kuamriwa na mtu.*

*Akatia asali, akakoroga, akadondosha tone kwenye kifundo cha mkono wake. Akangoja. Akadondosha jingine. Ndipo akampa.*

*"Kunywa."*

*Mbonea alikunywa. Chai ilikaa mdomoni. Bibi alikuwa ameinama anasukuma kuni ambazo hazikuhitaji kusukumwa, na kutoka pale alipoinama aliiona shingo ya mtoto ikinyooka mbele, macho yakifumba, mabega yakipanda hadi masikioni. Kisha yakashuka.*

*"Tamu," alisema Mbonea. Chozi lilikuwa limemtoka jicho moja. "Nimepona, Bibi."*

*"Umepona?"*

*"Kabisa."*

*"Basi kunywa tena."*

*Alikitazama kikombe. Nje jogoo wa jirani aliwika, akanyamaza, akawika tena.*

*"Zahanati wana sindano," alisema Mbonea.*

*"Nani ametaja zahanati? Njoo hapa mlangoni penye mwanga. Fungua mdomo nihesabu meno, nijue kama niliolewa na kijana au na mzee."*

*Alifungua. Bibi alihesabu meno kwa sauti, moja, mbili, tatu, na wakati anahesabu alitazama nyuma zaidi ya meno. Kwenye nne alisita. Akaendelea, tano, sita, mkono wake mwingine umepita chini ya taya, na pale ulipogusa Mbonea aliruka.*

*"Usiku umekohoa?"*

*"Sijakohoa."*

*"Kweli. Nilikuwa macho." Aliufunga mdomo wa mtoto kwa kidole kimoja. "Ni kijana," alisema.*

*Kisha akamimina chai iliyobaki kwenye chupa ya chai, akakaza kifuniko, akafungua pindo la kanga yake na kuhesabu noti zilizokunjwa humo. Akazihesabu mara ya pili. Akatafuta viatu vyake vya njiani, vile vya raba.*

*"Mama Elia anasema wanakata," alisema Mbonea.*

*"Hakuna wa kukukata wewe."*

*"Na sindano?"*

*Bibi alikuwa amekaa chini anavaa kiatu. Alimaliza kwanza.*

*"Sijui, mume wangu. Nitauliza."*

Nimekomea hapo, na ningependa na wewe ukomee hapo. Ukiwafikisha zahanati utalazimika kuandika foleni, daftari, mhudumu, maswali yake, na pengine kipimo cha malaria kwa sababu mtoto ana homa, na hadithi itahama kutoka kwa watu wawili ambao msomaji ameshawajua. Jambo lililokuwa likisubiri kuamuliwa limeshaamuliwa kwenye viatu.

Tazama nilivyotumia ile rangi ya chai. Msomaji asipojua kwamba kukamua limau ni kazi ya mtoto, kukataa kwake ni kukataa tu. Akishajua, kukataa kule kunamwambia mtoto anaumwa kiasi gani, na bibi naye anaambiwa papo hapo. Ndiyo maana nimesema maziwa yalikuwa yanakuficha. Kosa la jikoni lilikuwa limefunika sehemu nzuri kuliko zote za hadithi.

Tazama pia anavyomwita mume wangu. Umeandika "mjukuu wangu mpenzi" mara nyingi sana katika rasimu yako, na bibi wa kwetu hasemi hivyo isipokuwa anapoandikiwa barua. Bibi na mjukuu wana utani. Mjukuu wa kiume ni mume, wa kike ni mke mwenza, na ndani ya utani huo kunapita mambo ambayo mama mzazi hawezi kuyapitisha kwa amri. Ukimfanya bibi aseme "fungua mdomo nione vidonda," mtoto ataufunga. Kuhesabu meno ili ajue ameolewa na nani ni mchezo wao, na mtoto anaufungua mdomo kwa sababu ya mchezo. Ukimbadilisha Mbonea akawa msichana, mistari hiyo lazima ibadilike yote. Bibi atamtishia mke mwenza kwamba atamnyang'anya mume kama hana meno ya kutosha, au utani mwingine wa kwenu. Usibadilishe jina tu ukaacha maneno.

Utauliza kwa nini bibi anasema "sijui" kuhusu sindano wakati ingekuwa rahisi kumtuliza. Ni kwa sababu hajui. Mhudumu anaweza kumpa dawa ya kumeza, anaweza pia kumchoma sindano moja ya penisilini inayokaa mwilini muda mrefu, na zote mbili ni tiba halali. Bibi aliyekesha akisikiliza kama mtoto anakohoa hatamdanganya asubuhi. Nilitaka pia msomaji aone tofauti kati ya jibu hili na lile la kwanza. Kuhusu kukatwa ana hakika, na anasema mara moja. Kuhusu sindano hana hakika, na anavaa kiatu kwanza.

Kuhesabu noti mara mbili nako kuna sababu. Kwa utaratibu wa Tanzania mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure katika vituo vya umma. Huyu ana saba. Kama kaya haina bima, kuna cha kulipa, na bibi anajua. Sikuandika kwamba ni maskini; msomaji ataziona noti zilizokunjwa. Ukimfanya mtoto awe na miaka minne, noti hizo ziondoe au zipe kazi nyingine, nauli kwa mfano.

Umri unagusa na asali. Kwa miaka saba haina tatizo. Nimesoma hadithi ambazo bibi anamlambisha asali mtoto mchanga, na zinanitia wasiwasi kweli, kwa sababu mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapaswi kupewa asali hata tone: inaweza kuwa na vimelea vya bakteria vinavyotoa sumu ya kupooza misuli ndani ya utumbo wake mchanga. Kuna mama ataisoma hadithi yako na kuiga. Ukiandika siku moja hadithi nyingine yenye kichanga na jiko hili hili, asali ibaki kwenye rafu.

Na kama kweli unataka mtoto abaki nyumbani, inawezekana, ila mpe koo jingine. Mpe mafua, macho yanayotoa machozi, kikohozi kikavu usiku, sauti iliyopotea, na shingo isiyouma ikiguswa. Bibi atapika chai ile ile, atamtazama akimeza, ataona anakunywa kikombe chote na kuomba kingine, na hapo atatulia. Siku mbili zinazofuata bado atakohoa. Hadithi hiyo itakuwa tulivu zaidi na ngumu zaidi kuiandika, kwa sababu hofu ya bibi itapungua kidogo kidogo bila tukio. Mimi nisingeianza na hiyo.

Lipo koo la tatu ambalo chai haina nafasi kabisa, nalo nalitaja kwa sababu waandishi hupenda kuongeza hatari. Mtoto anayetoa udenda kwa kuwa hawezi kumeza hata mate yake, anayevuta pumzi kwa sauti, anayekaa ameinama mbele na hataki kulala chali, njia yake ya hewa inaweza kuwa inaziba. Hapewi kitu mdomoni, na wala hapanuliwi mdomo ili atazamwe. Anabebwa anavyotaka kukaa, anakimbizwa hospitali. Ukimwandika mtoto wa namna hiyo na bibi anaponda tangawizi, utakuwa umeandika bibi ambaye hakuwa akitazama.

Katika rasimu yako, aya ya kwanza inayoeleza milima na ukungu iache, ni nzuri na ni ya kweli kwa Mamba miezi ya Juni na Julai. Ondoa aya ya tatu yote inayoeleza upendo wa bibi. Maziwa yaondoe kila yanapotokea, na kuna sehemu moja karibu na mwisho umeyasahau kwenye midomo ya mtoto, pale anapofuta "utando wa maziwa". Halafu chemsha chai hii mara moja wewe mwenyewe kabla hujaandika tena, ukiwa na limau mkononi, na uangalie inachukua muda gani kupauka, kwa sababu nimeandika kana kwamba ni papo hapo na nataka sentensi yako iende kwa mwendo wa kikombe.